Saketi sambamba ya R, L na C: makosa mawili yaliyofichana

"Niko mwaka wa pili, uhandisi wa umeme, hapa Mombasa. Tulipewa saketi sambamba: rezista ya kilo-omu 1, koili ya milihenri 10 na kapasita ya nanofaradi 100, tuseme ufifiaji wake, yaani jinsi mayumbo yake yanavyozimika, ni wa aina gani mkondo ukiingizwa ghafla. Nililinganisha R na 2√(L/C), nikapata 1000 dhidi ya 632, nikaandika 'ufifiaji mzito'. Maabara tuliunganisha jenereta ya mawimbi moja kwa moja, mawimbi mraba ya volti 0 hadi 5, hezi 200. Skopu ilionyesha nundu moja iliyofika volti 4.4, ikashuka bila kuyumba, ikatulia kwenye volti 1.4 hivi. Hata tulipochomoa ile rezista, picha ilibaki ile ile. Lakini simuleta inaonyesha mawimbi yanayoyumba, na mwalimu amelikata jibu langu. Nimwamini nani?"

Mwamini mwalimu, iamini simuleta, na skopu nayo usiitilie shaka. Zote tatu zimesema kweli, ila skopu ilikuwa ikizungumzia saketi nyingine, si ile iliyochorwa ubaoni. Ulitumia kanuni ya saketi mfululizo mahali pa saketi sambamba, kisha mkaunganisha chanzo ambacho kwa bahati tu kilikuletea picha inayofanana na jibu hilo. Ndiyo maana kosa la kwanza lilikuwa gumu kuliona. Tuyatenganishe, tuanze na la kwanza.

Katika saketi sambamba, rezista, koili na kapasita zinashiriki volteji moja, v. Nishati inayopotea kwenye rezista kila sekunde ni v²/R, yaani G·v², ambapo G ni upitishaji, 1/R, unaopimwa kwa simensi. Soma fomula hiyo taratibu: G ikikua, nishati inaliwa haraka. R ikikua, nishati inaliwa polepole. Kwenye saketi mfululizo mambo yamegeuka, kwa sababu huko kinachoshirikiwa ni mkondo na upotevu ni i²R, hivyo R kubwa ndiyo inayozima mayumbo. Wanafunzi wengi hubeba sentensi "rezista kubwa huzima mayumbo" kutoka mada ya mfululizo na kuingia nayo kwenye sambamba. Hapa sentensi hiyo inasema kinyume cha ukweli. Chomoa rezista kabisa kwenye saketi sambamba, R iwe haina kikomo, na koili na kapasita zitarushiana nishati bila kitu cha kuzizuia. Kwa sababu hiyo nakushauri uache kufikiria kwa R katika saketi hizi, ufikirie kwa G. Upitishaji ukiongezeka, ufifiaji unaongezeka, na matawi yakiwa sambamba G zinajumlishwa tu, bila kuhangaika na sehemu juu ya sehemu.

Sasa tutazame kinachotokea mkondo I unapoingia ghafla. Kabla ya hapo kila kitu ni sifuri. Kapasita haiwezi kubadilisha volteji yake papo hapo, na koili haiwezi kubadilisha mkondo wake papo hapo, kwa hiyo mwanzoni mkondo wote unaingia kwenye kapasita na volteji inaanza kupanda kwa kasi ya I/C. Volteji ikishapanda, matawi mengine mawili yanaamka: rezista inachukua G·v, na mkondo wa koili unaanza kukua kwa kasi ya v/L. Pale mikondo ya rezista na koili ikijumlishwa inapofika I, kapasita haipati tena chochote, na hapo ndipo volteji inafika kilele.

Swali la aina ya ufifiaji linaamuliwa baada ya kilele hicho. Volteji bado ni chanya, hivyo mkondo wa koili bado unakua. Je, utapita I? Kama G ni ndogo, utapita. Rezista haikula kitu cha maana, kapasita imejaa, na volteji ilikuwa kubwa kiasi cha kuusukuma mkondo wa koili mbali. Ukishapita I, ziada hiyo lazima itoke mahali fulani, na inatoka kwenye kapasita. Kapasita inakauka, inavuka sifuri, inajaa upande wa pili, na mayumbo yameanza. Kama G ni kubwa, volteji haiwezi kabisa kuzidi I/G, kwa sababu ikifika hapo rezista peke yake ingekuwa inameza mkondo wote. Dari hiyo ikiwa chini, koili inasukumwa taratibu, mkondo wake unaikaribia I bila kuipita, na volteji inarudi sifuri kwa upande ule ule ilikopandia. Hapo unaona nundu moja. Nundu yenyewe si yumbo: hata ufifiaji mzito kabisa una nundu ya volteji, kwa kuwa volteji lazima ianze sifuri, ipande, irudi sifuri. Yumbo linathibitishwa na volteji kuvuka mstari wake wa kutulia na kwenda upande wa pili.

Hesabu yake ni hii. Mikondo ya matawi matatu ikijumlishwa inatoa I, na v ni L mara kasi ya mkondo wa koili. Ukiziunganisha sentensi hizo mbili unapata mlinganyo wa mkondo wa koili, na mlinganyo wake bainifu ni:

s² + (G/C)s + 1/(LC) = 0

Mizizi yake ni −α ± √(α² − ω₀²), ambapo α = G/(2C) na ω₀ = 1/√(LC). Mizizi ikiwa halisi na tofauti, ufifiaji ni mzito. Ikilingana, uko mpakani. Ikiwa changamano, ufifiaji ni hafifu na saketi inayumba. Mpaka unapatikana pale α inapolingana na ω₀, na ukipanga vizuri unaipata G ya mpakani: 2√(C/L). Angalia kwamba C iko juu na L iko chini, kinyume cha fomula uliyoitumia.

Kwa mtihani kuna njia fupi zaidi isiyohitaji kipeuo cha pili wala mizizi kamili. Linganisha G²L na 4C. G²L ikizidi, ufifiaji ni mzito. Zikilingana, ni wa mpakani. G²L ikipungua, ni hafifu. Kwa namba zenu: G ni milisimensi 1, hivyo G²L ni 0.000001 × 0.01, yaani 1 × 10⁻⁸. Upande wa pili 4C ni 4 × 10⁻⁷. Upande wa kwanza ni mdogo mara 40, kwa hiyo ufifiaji ni hafifu na mwalimu hakukuonea. G ya mpakani kwa koili na kapasita hizi ni milisimensi 6.32, sawa na rezista ya omu 158. Rezista ya omu 1000 ina G isiyofika hata moja ya sita ya hiyo.

Ulinganisho huo unaonyesha pia jambo ambalo fomula ya α huwa inalificha. Ukiongeza C, unaongeza 4C, kwa hiyo unaisogeza saketi kuelekea kuyumba. Wengi hudhani kapasita kubwa "hutuliza" kila kitu kama inavyotuliza volteji ya chaja. Katika sambamba, kapasita kubwa ni ghala kubwa zaidi la nishati ambayo G ile ile inapaswa kuila. Ukiongeza L, kwa upande mwingine, unaongeza G²L na kuizima saketi: koili kubwa inakuwa nzito kuamka, na rezista inapata muda wa kutosha kula nishati kabla mkondo wa koili haujafika I.

Tuje sasa maabara. G kwenye fomula hizi si ile ya rezista uliyoishika mkononi. Ni jumla ya kila njia inayoruhusu mkondo kupita kati ya zile nodi mbili, na jenereta yako ni njia mojawapo. Jenereta nyingi za mawimbi za maabara zina ukinzani wa ndani wa omu 50, na namba hiyo mara nyingi imeandikwa kando ya tundu la kutolea ishara. Kwa kanuni ya Norton, chanzo cha volti 5 chenye omu 50 mfululizo ni sawasawa na chanzo cha mkondo cha miliampia 100 chenye omu 50 sambamba. Omu 50 ni milisimensi 20. Ongeza milisimensi 1 ya rezista yako, jumla ni 21. Sasa rudia ulinganisho: G²L ni 4.41 × 10⁻⁶, imezidi 4C mara 11. Ufifiaji ni mzito, na skopu ilichora alichopaswa kuchora mtu yeyote mwenye saketi hiyo.

Hili linaeleza pia kwa nini kuchomoa rezista hakukubadilisha picha. Mlitoka milisimensi 21 mkaenda 20, na kwa macho hakuna anayeweza kuona tofauti hiyo. Ukikutana na dalili hii tena, kwamba kijenzi kinachodaiwa kuamua tabia ya saketi kinaondolewa na saketi haijali, tafuta mara moja kitu kingine kilichounganishwa sambamba nacho chenye upitishaji mkubwa zaidi.

Kuna zile volti 1.4 za mwisho ambazo ulizitaja kwa kupita. Hizo zina habari nyingi. Kwa nadharia ya koili kamili, volteji ingerudi sifuri, kwa sababu mkondo ukishatulia koili ni waya tu. Koili yako ina waya mwembamba mrefu, na waya huo una ukinzani, tuuite r. Mambo yakitulia kapasita haipitishi kitu, na volti 5 zinagawana kati ya omu 50 za jenereta na r. Ili zibaki volti 1.4, r lazima iwe karibu omu 20. Thibitisha kwa mita: chomoa koili, weka mita kwenye omu, toa ukinzani wa waya za mita zenyewe. Ukipata kati ya 18 na 22, picha yako yote imeeleweka. Hata kilele cha volti 4.4 kinatoka kwenye hesabu hiyo: kwa omu 50, omu 20 na vijenzi vyako, nundu inafika volti 4.45 baada ya mikrosekunde 19, kisha inashuka kwa muda bainifu wa mikrosekunde 144.

Hakikisha kwanza kwenye simuleta kabla hujarudi benchi. Simuleta yako ilikuwa na chanzo kamili cha mkondo na koili isiyo na ukinzani, ndiyo maana iliyumba. Ipe saketi mliyoiunganisha kweli. Kwa ngspice ni hivi:

```
* chanzo halisi na koili halisi
V1 a 0 PULSE(0 5 0 10n 10n 2.5m 5m)
Rs a n1 50
R1 n1 0 1k
C1 n1 0 100n
L1 n1 m 10m
RL m 0 20
.tran 1u 2.5m
.end
```

Volteji ya nodi n1 itakupa nundu ile ile ya maabara. Sasa badilisha Rs iwe 10k, na mayumbo yatatokea bila kugusa kingine chochote.

Hapo tumefika kwenye namna ya kurudia jaribio, na kuna njia mbili za kuipima saketi kwa haki. Ya kwanza ndiyo hiyo ya kuweka rezista ya kilo-omu 10 kati ya jenereta na saketi, rezista ya kilo-omu 1 ibaki mahali pake. Chanzo kinakaribia kuwa chanzo cha mkondo, na kinaongeza milisimensi 0.1 tu kwenye G. Ubaya wake ni kwamba mkondo unakuwa miliampia 0.5, na kilele cha volteji hakitazidi milivolti 125 hivi. Ukiwa na probu ya mara kumi na waya ndefu kwenye bredibodi, yumbo la pili na la tatu yanaweza kuzama kwenye kelele.

Njia ya pili ni bora kwa vijenzi ulivyo navyo, nayo inatumia Norton kwa faida yako. Chomoa ile rezista ya kilo-omu 1 kutoka sambamba, uiweke mfululizo na jenereta. Kwa macho inaonekana umeivunja saketi, lakini kwa upande wa koili na kapasita hujaivunja: volti 5 kupitia omu 1050 ni sawa na miliampia 4.76 yenye omu 1050 sambamba. Rezista yako ya mfululizo ndiyo rezista ya sambamba. G yote ni milisimensi 0.95, hakuna njia ya pembeni iliyosahauliwa, na ishara ni kubwa karibu mara kumi kuliko njia ya kwanza. Acha hezi 200, kwani nusu ya mzunguko ni milisekunde 2.5 na mayumbo yanakwisha ndani ya milisekunde 1. Ukipandisha hadi kilohezi 2, mruko mwingine utafika kabla ya ule wa kwanza kutulia na hesabu zote zitaharibika.

Unganisha probu kwenye nodi ya koili na kapasita, klipu ya ardhi kwenye upande wa pili. Unachopaswa kuona ni hiki. Kilele cha kwanza ni volti 1.2 karibu na mikrosekunde 45. Volteji inashuka, inavuka sifuri, inafika chini kabisa karibu volti −0.54 kwenye mikrosekunde 145, inarudi juu hadi volti 0.45 kwenye mikrosekunde 245, na kuendelea hivyo hivyo ikipungua. Inatulia kwenye volti 0.09, tena kwa sababu ya r. Umbali kati ya kilele na kilele ni mikrosekunde 200, yaani karibu kilohezi 5.

Vipimo vya vilele vichukuliwe kutoka mstari wa kutulia, si kutoka sifuri. Kilele cha kwanza kiko volti 1.13 juu ya mstari huo, cha pili volti 0.36. Uwiano wake ni 0.32. Logi asilia ya uwiano huo, ukiipa ishara chanya na kuigawa kwa mikrosekunde 200, inakupa α ya karibu 5760 kwa sekunde. Sasa fanya hesabu kwa G peke yake, kana kwamba koili haina ukinzani: α = G/(2C) ni 4760, na uwiano ungekuwa 0.38. Ile tofauti ya 1000 kwa sekunde ni r/(2L), omu 20 juu ya milihenri 20. Ukiipata kwenye benchi, umepima ukinzani wa koili bila mita ya omu.

Kwenye r pana mtego mmoja ambao hata vitabu vingi huuruka, na kwa koili ya omu 20 hauwezi kupuuzwa. Kwa kuwa r inaongeza α, mtu angedhani inaisaidia saketi kufika mpakani mapema, kwamba sasa utahitaji G ndogo kidogo. Si hivyo. Koili ikiwa na r, mlinganyo bainifu unakuwa:

s² + (G/C + r/L)s + (1 + rG)/(LC) = 0

Ona kwamba r imeingia mara mbili, katikati na mwishoni. Ukitafuta alama ya kile kilicho chini ya kipeuo cha pili, mambo yanakatana na kubaki (G/C − r/L)² − 4/(LC). Kasi ya kufifia inatumia jumla ya G/C na r/L, lakini aina ya ufifiaji inatumia tofauti yao. G inaila nishati wakati iko kwenye kapasita, r inaila wakati iko kwenye koili. Zikila kwa kasi sawa pande zote mbili, nishati inapungua haraka lakini haipati upande wa kukwama, hivyo inaendelea kurushwa huku na huku ikiwa ndogo zaidi kila mara. Ili mayumbo yafe kabisa, lazima upande mmoja uzidi mwingine kwa kutosha.

Kwa hiyo kipimo cha saketi halisi ni kulinganisha G − rC/L na 2√(C/L). Kwa vijenzi vyako rC/L ni milisimensi 0.2, na G ya mpakani inapanda kutoka 6.32 hadi 6.52. Mabadiliko ni madogo hapa, lakini mwelekeo wake ndio unaowapoteza watu. Koili yenye omu 100 ingeipeleka G ya mpakani hadi 7.3.

Ukitaka kuufikia mpaka kwa vitendo, milisimensi 6.52 ni omu 153 kwa jumla. Jenereta ina 50, kwa hiyo rezista ya mfululizo iwe omu 103. Rezista ya kawaida ya omu 100 inakuweka upande wa ufifiaji mzito kwa nywele moja, na inapatikana duka lolote la spea za elektroniki mjini. Watu wengi hupenda kutumia rezista ya kuzungusha ya omu 500 na kuizungusha hadi mayumbo yapotee machoni. Njia hiyo inafundisha, lakini haikuonyeshi mpaka. Jumla ikiwa omu 200, bado uko kwenye ufifiaji hafifu, na volteji inazama chini ya mstari wa kutulia kwa karibu milivolti 60 tu, asilimia 2 ya nundu. Kwenye skopu ya volti 1 kwa mraba hutaona kitu, na utaapa kwamba umefika mpakani. Panua kipimo hadi milivolti 50 kwa mraba, sogeza mstari wa kutulia katikati ya kioo, kisha utafute kama unavukwa.

Tena usitegemee kwamba namba iliyochapwa kwenye kijenzi ndiyo namba iliyomo. Kapasita na koili zinazoachana na namba yao kwa asilimia 10 ni za kawaida, na zikiachana kwa pande tofauti, 2√(C/L) inaweza kuwa popote kati ya milisimensi 5.7 na 7.0, yaani omu 143 hadi 175. Kwa hiyo usiandike kwenye ripoti kwamba saketi uliyoijenga ina ufifiaji wa mpakani. Andika kwamba iko karibu na mpaka, utaje upande na sababu. Kusema "hafifu" kwa kilo-omu 1 au "mzito" kwa omu 50 hakuna wasiwasi, kwani uko mbali na mpaka kiasi kwamba hakuna kijenzi kibovu cha asilimia 10 kitakachobadilisha jibu.

Ukirudia jaribio kwa njia ya pili na uwiano wa vilele ukawa kati ya 0.28 na 0.35, kazi imekwisha, andika ripoti. Ukiwa chini ya 0.25, kuna upotevu usiouhesabu. Chunguza kwanza miguu ya vijenzi na matundu ya bredibodi, kwa sababu hewa yetu ya chumvi hutia kutu chuma haraka na mguso mbaya ni rezista usiyoiona. Kwaruza miguu ya koili kwa msasa laini na uhamishe saketi kwenye matundu mengine. Usipopona hapo, mpelekee fundi wa maabara koili yenyewe aipime kwa mita ya LCR kwenye kilohezi 1 na kilohezi 10. Koili yenye kiini cha chuma hupoteza nishati kwenye kiini, upotevu huo hukua na marudio, na mita ya omu ya kawaida haiwezi kuuona. Akikuonyesha L imeshuka au upotevu umepanda sana kati ya vipimo viwili, badilisha koili, chukua ya kiini cha feriti.

Kitu kimoja usikifanye peke yako. Ukivutiwa kurudia haya kwa kapasita za mota au za kurekebisha kipengele cha nguvu kwenye umeme wa volti 240, usianze bila fundi mwenye leseni kando yako. Kapasita hizo hubaki na chaji baada ya swichi kuzimwa, na pale ufifiaji unapokuwa hafifu volteji na mkondo hupita viwango ulivyovikadiria. Kwenye saketi yako ya kilo-omu 1, mkondo wa koili unafika zaidi ya mara moja na nusu ya mkondo ulioingiza. Kwa miliampia 4.76 haimdhuru mtu. Kwenye bodi ya kiwanda, ziada hiyo hiyo huchoma fyuzi na kuyeyusha miguso ya swichi.